Namba za jirani zimehama: tofauti ya Clear Contents, Clear Formats na Delete Cells

*Swali: Mtaalamu, nina jedwali la mizigo kwenye Excel. Idadi moja ilikuwa na makosa, nikabofya kulia, nikachagua Delete. Sasa gundi imechukua idadi ya karatasi, karatasi imechukua ya mkasi, na jumla inaandika #REF!. Mbona nikibonyeza Delete ya kwenye kibodi hakuna kinachosogea? Halafu Clear Formats nayo iligeuza tarehe zangu zikawa 45000. Tofauti yake ni nini hasa, na nitarudishaje mambo yalivyokuwa?*

Tuanze na la haraka. Kama hujafunga faili, bonyeza Ctrl+Z mpaka idadi zirudi mahali pake. Kama umeshafunga, usiguse fomula yoyote kwa sasa, hasa usivute fomula ya juu kuipeleka chini ili kuziba ile #REF!. Data yako bado inaweza kurudi yenyewe karibu yote, na kuvuta fomula ndiko kunakoharibu nafasi hiyo. Nitaeleza kwa nini.

Seli ina mambo matatu yanayokaa pamoja lakini hayategemeani. La kwanza ni nafasi yenyewe kwenye shiti, yaani ile B4. La pili ni kilichoandikwa ndani: namba, maneno au fomula. La tatu ni fomati, yaani namna kilichomo kinavyoonyeshwa. Clear Contents hugusa la pili peke yake. Clear Formats hugusa la tatu peke yake. Delete ya kwenye menyu ya kubofya kulia huondoa la kwanza, na nafasi ikiondoka, mengine mawili huondoka nayo. Shiti haliwezi kubaki na shimo, kwa hiyo seli za jirani husogezwa kuziba. Delete ya kwenye kibodi ina jina lilelile lakini kazi yake ni Clear Contents. Majina haya mawili kufanana kumewagharimu watu wengi kazi zao, na wewe huna la kujilaumu.

Tuchukue jedwali linalofanana na lako. Kolamu A ina bidhaa, B ina idadi ya maboksi, C ina kilo kwa boksi, D ina kilo zote.

```
     A         B    C    D
2    Kalamu    12   3    =B2*C2    36
3    Daftari   20   8    =B3*C3    160
4    Rula      15   2    =B4*C4    30
5    Gundi     9    5    =B5*C5    45
6    Karatasi  30   10   =B6*C6    300
7    Mkasi     6    4    =B7*C7    24
8    Jumla               =SUM(D2:D7)  595
```

Idadi ya rula, 15 iliyoko B4, ndiyo yenye makosa. Ukisimama hapo ukabonyeza Delete ya kibodi, B4 inabaki tupu na kila kitu kingine kinakaa kilipokuwa. D4 inasoma utupu kama sifuri, inatoa 0, na jumla inashuka hadi 565. Ukiandika idadi sahihi, hesabu inarudi. Hivyo ndivyo ulivyotaka.

Sasa fanya ulichofanya: bofya kulia kwenye B4, chagua Delete, kisha Shift cells up. Nafasi ya B4 inatolewa na zote zilizo chini yake katika kolamu B zinapanda hatua moja. Kolamu A, C na D hazisogei. Rula sasa ina 9, gundi ina 30, karatasi ina 6, na mkasi hauna kitu. Mpaka hapo ni ulichokiona mwenyewe.

Ambacho huenda hukukiona ni kilichotokea ndani ya fomula. Excel inaposogeza seli, fomula zote zilizokuwa zikiitazama seli hiyo huifuata inakokwenda. Ile 9 ya gundi ilikuwa B5, sasa iko B4, kwa hiyo fomula ya gundi imejiandika upya:

```
D4   =#REF!*C4     #REF!
D5   =B4*C5        45
D6   =B5*C6        300
D7   =B6*C7        24
D8   =SUM(D2:D7)   #REF!
```

Tazama D5. Kwa macho, gundi inaonyesha maboksi 30 na kilo 5 kwa boksi, lakini kilo zote ni 45. Haiwezekani kwa hesabu ya kawaida, na hiyo ndiyo dalili ya uhakika kwamba seli zilisogezwa. Fomula ya gundi bado inaishika ile 9 yake ya halali, ingawa 9 hiyo sasa inakaa kwenye mstari wa rula. Kwa hiyo matokeo ya D5, D6 na D7 ni sahihi kabisa, na kolamu B pekee ndiyo imekosa mahali pake. Iliyopoteza kabisa ni D4, kwa sababu seli iliyokuwa ikiitazama haipo tena popote. #REF! maana yake ni hiyo: anwani niliyopewa imeondolewa. Kisha SUM hapa chini, ikikutana na kosa hata moja ndani ya eneo lake, nayo hutoa kosa hilohilo.

Ndiyo maana nimekuzuia kuvuta fomula. Mtu akiona #REF! kwenye D4, jambo la kwanza linalomjia ni kunakili D3 na kuibandika D4. Fomula inakuwa =B4*C4, yaani 9 mara 2, sawa na 18. Kosa linatoweka na jumla inasoma 583. Inapendeza machoni, lakini maboksi 9 ya gundi yamehesabiwa mara mbili, mara moja kama rula na mara ya pili kama gundi. Akiendelea kuivuta hadi D7, ndipo kila mstari unapochukua idadi ya jirani wa chini: rula 18, gundi 150, karatasi 60, mkasi 0. Jumla inakuwa 424, hakuna kosa lolote linaloonekana, na fomula zile zilizokuwa zikikumbuka idadi zilikotoka zimefutika. Kuanzia hapo shiti lenyewe haliwezi tena kukushuhudia nini kilikuwa wapi.

Basi tengeneza hivi. Simama B4, bonyeza Ctrl+Shift+= au bofya kulia na uchague Insert, kisha Shift cells down. Unairudisha ile nafasi iliyotolewa. Idadi zinashuka hatua moja na kila moja inarudi kwenye mstari wake, na fomula zinazifuata kama zilivyozifuata mara ya kwanza: D5 inarudi kuwa =B5*C5 bila wewe kuigusa. Kinachobaki ni D4 tu, ambayo Excel haiwezi kuikisia. Hapo sasa nakili D3 uibandike D4, kisha andika idadi sahihi ya rula kwenye B4. Kumbuka kwamba hiyo B4 mpya haikurudi na chochote: ile 15 ya zamani imepotea, na fomati yake nayo, ingawa mara nyingi Excel huipa seli mpya fomati ya jirani yake wa juu.

Kama ulishavuta fomula kabla ya kusoma haya, bado unaweza kuingiza nafasi B4 ili kolamu B irudi ilipokuwa. Tofauti ni kwamba fomula ulizovuta nazo zitafuata, na D4 itasomeka =B5*C4. Kwa hiyo baada ya kuingiza, vuta tena kutoka D3 hadi D7, ujaze B4, kisha linganisha kila mstari na karatasi au rekodi ya asili. Na kama faili lilikuwa limehifadhiwa OneDrive, jaribu kwanza File, Info, Version History, ufungue nakala ya kabla ya tukio.

Kuna hali ambayo ni mbaya kuliko yako, nayo ni pale ambapo jedwali halina fomula hata moja. Orodha ya majina upande mmoja na namba za simu upande mwingine, kwa mfano. Hapo ukiondoa seli moja na kusogeza juu, hakuna #REF! ya kukushtua. Kila mtu chini ya mstari ule anapata namba ya anayemfuata, na shiti linaonekana zima. Namna ya kugundua ni kutazama pengo liko wapi. Ukiwa umefuta kilichomo tu, pengo liko katikati, palepale ulipofuta. Ukiwa umeondoa seli, pengo liko mwisho wa kolamu moja, wakati kolamu zingine zinafika hadi chini. Shuka mpaka mwisho wa kila kolamu uangalie. Na kama chini ya kolamu hiyo palikuwa na jumla, basi jumla hiyo nayo imepanda. Tuseme B8 ilikuwa na =SUM(B2:B7). Baada ya kuondoa B4 utaikuta kwenye B7, imejipunguza kuwa =SUM(B2:B6), na mstari wa mkasi utaonyesha maboksi 77. Jumla iliyokaa kwenye mstari wa bidhaa ya mwisho ni alama ambayo ukishaijua huwezi kuikosa.

Usitegemee sana ile pembetatu ndogo ya kijani ambayo Excel huweka kwenye fomula isiyofanana na jirani zake. Katika jedwali letu, D5, D6 na D7 zote zimepotoka kwa namna ileile, kila moja inatazama mstari mmoja juu, kwa hiyo zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe zinafanana. Njia ya kuaminika ni Ctrl na kile kitufe cha `, ambacho hufanya shiti lionyeshe fomula badala ya matokeo. Ukiona mstari wa 5 unaitaja B4, umeshapata jibu. Bonyeza tena kurudi.

Pia usidhani alama za dola zitakukinga. Wengi huamini kwamba $B$4 haiguswi na chochote. Dola huzuia anwani isibadilike unaponakili fomula kwenda kwingine. Seli yenyewe ikiondolewa, $B$4 inageuka #REF! kama zingine, na seli ikisogezwa, $B$5 inakuwa $B$4 vilevile.

Hiyo yote ilikuwa kusogeza juu. Dirisha la Delete lina chaguo nne, na huja likiwa limeshakuchagulia moja, kwa hiyo ukibonyeza Enter bila kusoma unakubali ambacho hukukichagua. Shift cells left nalo lina hila yake. Ukiondoa B4 kwa kusogeza kushoto, mistari mingine haidhuriki, ila mstari wa rula unabanana: kilo 2 zinaingia kwenye kolamu ya maboksi, na fomula iliyokuwa D4 inahamia C4 ikiwa na #REF! ndani yake. D4 inabaki tupu. Sasa SUM(D2:D7) haikutani na kosa lolote, kwa sababu kosa limetoka nje ya eneo lake, na inatoa 565 kwa utulivu kabisa. Jumla ambayo haikulalamika haimaanishi kwamba mstari wote uko salama.

Entire row ndiyo njia sahihi pale ambapo rula yenyewe haitakiwi tena. Mstari mzima unaondoka, jina, idadi, kilo na fomula kwa pamoja, kwa hiyo kila bidhaa iliyobaki inakwenda na vyake. SUM inajipunguza yenyewe kuwa =SUM(D2:D6) na kutoa 565. Lakini mstari mzima ni mzima kweli, kutoka kolamu ya kwanza mpaka ya mwisho ya shiti. Ukiwa na jedwali lingine upande wa kulia, labda la madereva kuanzia kolamu ya H, dereva aliyekuwa mstari wa 4 anaondoka pamoja na rula, hata kama wakati huo hakuwa anaonekana kwenye kioo. Kolamu zilizofichwa nazo hazisazwi. Na fomula iliyojumlisha kwa kutaja seli moja moja, =D2+D3+D4+D5, itakuwa #REF!, tofauti na ile iliyotaja eneo. Hiyo ni sababu tosha ya kutumia SUM yenye eneo hata kwa seli chache.

Nakushauri ugeuze orodha yako kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T. Ndani ya jedwali la namna hiyo, ukibofya kulia na kwenda Delete, unapewa Table Columns au Table Rows tu. Hakuna njia ya kutoa seli moja na kuacha zingine zipande kivyake, na mstari unaotolewa unaishia kwenye mipaka ya jedwali, kwa hiyo madereva wa pembeni hawaguswi. Kwa maoni yangu hii ni kinga bora kuliko tahadhari yoyote, kwa sababu inafanya kazi hata siku umechoka.

Nirudi kwa Clear Contents, maana nayo, ingawa haisogezi kitu, ina mambo mawili ya kujua. La kwanza ni kwamba fomula za jirani hazisomi utupu kwa namna moja. Kuzidisha husoma tupu kama sifuri, ndiyo maana D4 ilitoa 0. AVERAGE huiruka. Wastani wa idadi zetu sita ni 15.33. Ukifuta B4, wastani wa tano zilizobaki ni 15.4. Ukiandika 0 badala ya kufuta, inakuwa 12.83. Kwa hiyo amua kwanza kama rula haina maboksi, au kama bado hujui ina mangapi. La kwanza ni 0, la pili ni kufuta. Na usifute kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Seli itaonekana tupu, lakini ndani ina herufi moja isiyoonekana, na =B4*C4 itatoa #VALUE!.

La pili ni kwamba fomati inabaki ikisubiri. Kama B4 ilikuwa na tarehe, ukafuta kwa Delete ya kibodi, ukaandika 15, unaweza kushangaa kuona 15-Jan-00 au 15/01/1900. Excel inahesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na 15 ni siku ya kumi na tano. Kama seli ilikuwa na fomati ya Text, hali ni ya hatari zaidi kwa sababu haionekani: 15 unayoandika inahifadhiwa kama maneno. Inajipanga kushoto mwa seli, =B4*C4 bado inatoa 30 kwa kuwa kuzidisha huigeuza kuwa namba, lakini SUM(B2:B7) inairuka. Kilo zinakubaliana na maboksi hayakubaliani, na mtu anaweza kutafuta tofauti hiyo kutwa nzima. Seli iliyofutwa ikikataa namba mpya kwa namna hii, hapo ndipo Clear Formats inapohitajika: Home, Clear, Clear Formats, kisha uiandike namba upya. Kuiandika upya ni lazima, maana kufuta fomati hakugeuzi maneno yaliyokwisha kuhifadhiwa kuwa namba.

Hilo ndilo linaloeleza tarehe zako. Ile 45000 haijaharibika. Tarehe yako ilikuwa 45000 tangu mwanzo, nayo ni 15 Machi 2023, na fomati ndiyo iliyokuwa ikiionyesha kama tarehe. Chagua kolamu hiyo, bonyeza Ctrl+1, chagua Date, nazo zitarudi zote kwa pamoja. Usianze kuziandika upya moja moja. Kwa mantiki hiyohiyo 18% huonekana 0.18, na saa 06:00 huonekana 0.25, yaani robo ya siku. Hesabu za jirani zinazotegemea seli hizo hazibadiliki hata kidogo, kwa sababu fomula husoma kilichomo.

Hata hivyo Clear Formats si usafishaji wa rangi tu. Seli zilizounganishwa huachana: kichwa cha habari kilichotandazwa A1 hadi D1 kinabaki A1 peke yake. Kanuni za Conditional Formatting huondoka kwenye seli ulizochagua. Ukiwa na kanuni inayopaka nyekundu kila kilo zinazozidi 100 kwenye D2:D7, kisha ukafuta fomati ya D4 tu, kanuni inagawanyika na kuruka D4, na siku rula zikizidi 100 hakuna rangi itakayotokea, huku majirani wakiendelea kupakwa kama kawaida. Msomaji ataamini rula ziko sawa. Ukitaka kuhakiki, fungua Manage Rules na usome sehemu ya Applies to. Ukiona $D$2:$D$3 na $D$5:$D$7 zimeandikwa mbalimbali, pengo ni hapo.

Jingine ambalo halitajwi mara nyingi: ile alama ya Locked, inayoamua kama seli itafungwa shiti likilindwa kwa Protect Sheet, ni sehemu ya fomati. Ulizifungua B2 hadi B7 ili watu waweze kujaza idadi, kisha mtu akapitisha Clear Formats kwa ajili ya kuondoa rangi. Zinarudi kwenye hali ya mwanzo, yaani zimefungwa. Siku shiti likilindwa tena, wajazaji wanakataliwa na hakuna anayejua sababu. Kama lengo ni kuondoa rangi tu, nenda kwenye kopo la rangi na uchague No Fill.

Orodha za kuchagulia zilizowekwa kwa Data Validation hazifutwi na Clear Contents wala Clear Formats. Ukitaka ziondoke, fungua dirisha la Data Validation lenyewe ubonyeze Clear All. Maelezo yaliyobandikwa kwenye seli nayo yana amri yake kwenye menyu ya Clear.

Pana jambo moja la macho linalowachanganya watu baada ya kufuta. Jina refu lililoko A4, likiwa halitoshi kwenye kolamu yake, hukatwa pale B4 inapokuwa na kitu. Ukifuta kilichomo B4, jina hilo linatiririka juu ya B4 na mtu anadhani seli haikufutika au imeingiliwa na maneno ya jirani. Simama B4 utazame kisanduku cha fomula juu. Kikiwa tupu, seli ni tupu. Panua kolamu A na maneno yatarudi kwao.

Mwisho ni kuhusu mistari isiyoonekana, maana hapo ndipo Delete ya kibodi, ambayo nimeisifu kuwa haisogezi kitu, inaweza kufuta usichokikusudia. Mistari ikiwa imefichwa na kichujio cha Filter, ukichagua B2:B7 na kubonyeza Delete, zinafutwa zile zinazoonekana tu. Mistari ikiwa umeificha kwa mkono, kwa kubofya kulia na Hide, uchaguzi huohuo unafuta na zilizofichwa. Kwenye kioo hali hizi mbili zinafanana karibu kabisa, isipokuwa kwamba kichujio hugeuza namba za mistari pembeni kuwa za bluu. Kama huna hakika, chagua eneo lako, bonyeza Alt+; ili uchaguzi ubaki kwenye seli zinazoonekana peke yake, ndipo ubonyeze Delete.